Barua Iliyoomba Msamaha Mara Nne

Jalada lilirudi kutoka kwa Mtendaji Mkuu saa nne asubuhi, na pembeni mwa barua, kwa mwandiko wake mwembamba wa kuinama kulia, palikuwa na maneno mawili: «Anaomba nini?» Chini yake aliongeza mstari mmoja kwenda kwa Mkuu wa Kitengo cha Fedha: «Nishauri.»

Kazi yangu ni kupanga majalada yanayoingia katika ofisi ile na kuyafuatilia yanapotoka, kwa hiyo nilikuwa nimeisoma barua hiyo kabla yake. Mwandishi wake ni mhasibu kijana, mchapakazi, mtu ambaye hajawahi kuinua sauti kwa yeyote. Barua yake ilijaa ukurasa mzima na robo. Nilipoisoma mara ya kwanza niliona ni barua ya adabu. Nilipoona swali lile la pembeni niliirudia, nami nikajikuta natafuta jibu.

Sikulipata kwa urahisi.

## Barua ilivyokuwa

Nimepata ruhusa yake kuyaeleza haya, nami nimebadilisha mambo machache ili asitambulike. Ilianza hivi:

«Shikamoo Mheshimiwa Mtendaji Mkuu. Awali ya yote ninamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kukujalia afya njema na hekima kubwa ya kutuongoza sisi watumishi wako. Mimi ni mtumishi mdogo sana, sistahili hata kukuandikia, na ninaomba radhi kwa kuchukua muda wako wa thamani…»

Ikaendelea kueleza jinsi mama yake alivyobaki mjane, jinsi alivyowasomesha kwa kuuza karanga, na jinsi macho yake yalivyofifia. Radhi iliombwa tena katikati, na tena baada ya hapo. Ombi lenyewe lilikuja karibu na mwisho: «Hivyo nilikuwa naomba, kama itawezekana na kama haitakukwaza, kufikiriwa juu ya suala la likizo.» Kisha radhi ya nne, kisha dua, kisha «wako mtiifu».

Likizo ya lini? Siku ngapi? Nani angebaki na kazi yake? Hakuna tarehe hata moja katika ukurasa mzima na robo. Unyenyekevu ulikuwa umechukua nafasi yote, na yale ambayo msomaji aliyahitaji ili aamue yakakosa pa kukaa.

Siku chache baadaye Mtendaji Mkuu alinitajia barua ile wakati nikimpelekea mengine. Alisema, bila ukali wowote, «Yule binti ameniomba msamaha mara nne. Sikujua nimsamehe nini.»

Maneno hayo yalinikaa kichwani kwa wiki kadhaa.

## Alichokuwa anakiomba hasa

Ili tuone kwa nini barua hii ilikwenda ngazi ya juu namna ile, inafaa tujue ombi lilikuwa la aina gani. Mwaka wa fedha wa Serikali hufungwa 30 Juni, na hesabu za mwaka hutakiwa kumfikia Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali ndani ya miezi mitatu, yaani ifikapo 30 Septemba. Kwa wahasibu, Julai hadi Septemba ni miezi ya kulala na majedwali. Mtendaji Mkuu alikuwa ametoa dokezo mapema, akisitisha likizo zote za Kitengo cha Fedha hadi hesabu ziwasilishwe. Likizo aliyoitaka ilikuwa ya kumuuguza mama yake, ambaye upasuaji wake wa jicho ulipangwa Jumanne, tarehe 9 Septemba.

Mkuu wa Kitengo asingeweza kumruhusu, kwa sababu asingeweza kutengua dokezo la aliye juu yake. Ombi lilipaswa kumfikia aliyelitoa.

Hapo ndipo swali la kwanza linapoingia, nalo watu wengi hulipita bila kulitazama: je, unaomba haki yako au unaomba hisani? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, kama ilivyotungwa mwaka 2004, inampa mfanyakazi siku 28 za likizo kwa mwaka, lakini inamwachia mwajiri kupanga lini zitumike. Sheria hiyo hiyo ina siku 4 za ruhusa yenye malipo mtoto wako anapougua au kufariki, na pia anapofariki mwenzi, mzazi, babu au bibi, mjukuu au ndugu. Kuugua kwa mzazi hakumo katika orodha hiyo. Kwa hiyo siku za likizo zilikuwa zake, ila wakati wa kuzitumia ulikuwa mikononi mwa mwajiri, na safari hii ulikuwa umekwisha kufungwa kwa dokezo.

Ombi la namna hii lina pande mbili, na lugha yake inapaswa kuzibeba zote mbili. Kwa upande wa siku zenyewe, hakuna sababu ya kujishusha, maana humwibii mtu. Kwa upande wa wakati, huna la kudai. Unamwomba mtu mwenye mamlaka aache kidogo utaratibu aliouweka mwenyewe, tena kwa sababu nzuri. Binti wetu alichanganya pande hizo. Aliandika kana kwamba hata siku zenyewe ni sadaka.

## Shaka yangu

Hata hivyo sikukimbilia kumlaumu, na ninakiri kwamba shaka hii haijanitoka yote.

Sisi hatukulelewa kuzungumza na wakubwa kama tunavyozungumza na rika letu. Nimeona wasichana wa Kisukuma na wa Kinyamwezi wakipiga magoti kumsalimia mkwe au mzee, na hakuna aliyeona wamedhalilika. Wazee wa Kigogo hapa Dodoma ukiwapa «mbukwenyi» yako kwa utulivu, kabla ya kusema shida yako, nusu ya safari umeshaifika. Anayeingia na neno la kwanza «nina ombi» anaonekana hakulelewa. Je, barua ya binti huyu haikuwa magoti yale yale yaliyoandikwa kwenye karatasi? Na mimi, ninayetaka ombi liwe kwenye sentensi ya kwanza, je, si kwamba ofisi imenifundisha ukavu nikauita uwazi?

Nililigeuza swali hilo kwa muda mrefu. Kilichonisaidia ni kutazama magoti yenyewe. Msichana anayepiga magoti kumsalimia mzee hupiga magoti asubuhi ambayo hana shida yoyote. Hupiga kwa mzee tajiri na kwa mzee asiye na kitu. Salamu yake haiongezeki urefu kwa sababu leo anahitaji nauli. Mzee naye anaipokea kama kitu alichostahili tangu mwanzo, haimdai chochote.

Unyenyekevu wa barua ile ulikuwa tofauti. Ulikuwepo kwa sababu ya ombi, na uliongezeka kadiri ombi lilivyokaribia. Kila sentensi ya kujishusha ilikuwa malipo ya awali, na anayepokea malipo ya awali anabanwa: akikataa, atakuwa amekataa machozi ya mjane na dua za mtoto wake. Kwa juu barua ilionekana inamheshimu. Kwa ndani ilikuwa inamnyima nafasi ya kusema hapana kwa amani.

Tangu hapo nimekuwa na kipimo kimoja ninachokitumia ninaposoma barua za namna hii. Nachukua sentensi ya heshima na kujiuliza kama mwandishi angeiandika pia katika barua ya kutoa taarifa tu, isiyo na ombi. «Mtendaji Mkuu» angeandika. «Tafadhali husika na somo tajwa hapo juu» angeandika. «Mimi ni mtumishi mdogo sana, sistahili hata kukuandikia» asingeandika kamwe.

## Barua ya pili

Mkuu wake wa Kitengo, baada ya kupokea lile «Nishauri», alimwita na kumwambia aandike upya. Akaja kwangu wakati wa chai, kwa kuwa tunatoka upande mmoja na huniita kaka. Tulikaa kivulini nyuma ya jengo, huku upepo wa Mtumba ukitunyima hata kushika karatasi vizuri, na hii ndiyo barua iliyotoka baada ya kuandika na kufuta kwingi:

> Mtendaji Mkuu,
> S.L.P. …,
> Dodoma.
>
> K.K.: Mkuu wa Kitengo cha Fedha na Uhasibu
>
> YAH: OMBI LA KUTUMIA SIKU 7 ZA LIKIZO, TAREHE 8 HADI 16 SEPTEMBA
>
> Tafadhali husika na somo tajwa hapo juu.
>
> Ninaomba idhini yako ya kutumia siku 7 za kazi za likizo yangu ya mwaka, kuanzia Jumatatu tarehe 8 hadi Jumanne tarehe 16 Septemba. Ninafahamu kuwa dokezo lako lilisitisha likizo za Kitengo hadi hesabu za mwaka zitakapowasilishwa, na ndiyo sababu ninaleta ombi hili kwako.
>
> Mama yangu, anayeishi Mpwapwa, atafanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho hapa Dodoma tarehe 9 Septemba. Atarudi kuangaliwa tarehe 10 na tarehe 16, na katika siku hizo atahitaji mtu wa kumtilia dawa ya matone mara kadhaa kwa siku. Katika familia yetu ni mimi peke yangu ninayeishi Dodoma.
>
> Majedwali ya mali za kudumu yaliyo chini yangu nitayakabidhi kwa Mkuu wa Kitengo yakiwa yamekamilika tarehe 3 Septemba. Mwenzangu anayeshughulikia usuluhisho wa benki amekubali kujibu hoja zitakazojitokeza, nami nitapatikana kwa simu. Nitarejea kazini Jumatano tarehe 17 Septemba, siku 13 kabla ya tarehe ya mwisho ya kuwasilisha hesabu.
>
> Iwapo siku 7 hazitawezekana, ninaomba kufikiriwa siku 3, tarehe 8 hadi 10, ambazo ndizo zenye ulazima zaidi.
>
> Hospitali inataka jina la msimamizi wa mgonjwa ifikapo tarehe 29 Agosti, hivyo nitashukuru iwapo uamuzi wako utapatikana kabla ya hapo.
>
> Ninawasilisha.

Barua hii ni fupi kuliko ya kwanza, lakini urefu haukuwa shabaha yetu. Kila aya ilitugharimu mabishano, na baadhi ya mabishano hayo ndiyo ninayotaka kuyaeleza.

## Heshima ilipohamia

Herufi zile mbili, K.K., yaani «kupitia kwa», ni za kawaida mno kiasi kwamba hatuzioni tena. Ndizo zilizobeba heshima kubwa kuliko neno lolote la barua. Zinamwambia Mtendaji Mkuu kwamba hujaruka kichwa cha aliye katikati, kwamba barua itamfikia ikiwa na maoni ya mtu anayeijua kazi yako, na kwamba hatalazimika kuuliza «bosi wako anasemaje?». Zamani karatasi ilipita kwa mkono wa mhudumu. Siku hizi katika taasisi nyingi inapita kwenye Ofisi Mtandao. Njia ni ile ile, na anayeikata njia, hata kwa maneno matamu kiasi gani, amevunja adabu kabla hajaandika.

Kisha cheo. Binti alitaka kubaki na «Mheshimiwa», akiogopa kwamba kuliondoa kungeonekana ni kumshusha mkubwa. Katika maandishi ya Serikali neno hilo lina wenyewe: mawaziri, wabunge, majaji, wakuu wa mikoa na wilaya na wengine wa namna hiyo. Mtendaji wa taasisi anaitwa kwa cheo chake, nacho kinatosha. Ukimpa mtu sifa isiyo yake anajua kwamba unamvisha nguo ya kuazima, na mara nyingi anajiuliza unataka nini.

Sentensi ya ombi ndiyo tuliyoikalia muda mrefu zaidi. «Nilikuwa naomba» tunalisema kila siku mdomoni, na linapendeza, kwa sababu sauti na uso vinaonyesha kwamba bado unaomba. Kwenye karatasi sauti haipo, na msomaji mwenye majalada mengi mbele yake anaweza kuona ombi linaloanza kurudi nyuma kabla halijafika. «Naomba uniruhusu» ni sahihi, lakini kwa mtu aliye juu sana linakaribia kumwelekeza la kufanya. «Ninaomba idhini yako» linaweka uamuzi mahali pake: idhini ni yake, ombi ni langu. Limesimama wima bila kumsukuma mtu.

Habari za mama zilileta ubishi mwingine. Alitaka ujane na karanga vibaki, kwa hoja kwamba ni kweli tupu. Nami sikuwa na shaka kwamba ni kweli. Nilimuuliza ni lipi kati ya hayo lingebadilisha uamuzi kwa namna ambayo Mtendaji angeweza kuieleza kwa mwingine, tuseme mtumishi wa kitengo hicho hicho aliyekataliwa likizo mwezi uliopita. Tarehe ya upasuaji ingeeleza. Dawa za matone zingeeleza, na kukosekana kwa ndugu mwingine hapa mjini kungeeleza. Ujane usingeeleza, ungemfanya tu ajisikie vibaya. Mkubwa anayekukubalia kwa huruma hubaki na tatizo la kulijibu kwa wengine, ilhali anayekukubalia kwa sababu anabaki na kumbukumbu kwenye jalada.

Na majalada husomwa. Barua hiyo ilipita kwa karani wa masijala, kwa Mkuu wa Kitengo, kwangu, kwa Mtendaji, na ikaishia rasilimali watu, mahali itakapokaa miaka. Yeye mwenyewe alisema, alipowaza hilo, kwamba asingependa mtu aisome miaka kumi ijayo akiwa labda ni mkuu wa kitengo na kukuta «sistahili hata kukuandikia».

## Tarehe ya mwisho kwa mkubwa

Aya ya uamuzi kabla ya 29 Agosti ilimtia hofu kuliko zote. «Kaka, mimi nimpangie Mtendaji Mkuu tarehe?»

Hofu yake ilikuwa na msingi. «Naomba unijibu kabla ya Ijumaa» ni sentensi inayomfanya mkubwa aliyechoka ainue nyusi. Lakini kunyamaza kabisa juu ya tarehe nako kuna ubaya wake, kwa sababu asipojua kwamba kuna kitu kitapotea, ataiweka barua chini ya nyingine kwa nia njema kabisa, na jibu la kukubali litakuja baada ya kitanda kupewa mtu mwingine. Hapo atakuwa ameaibika yeye, kwa jambo ambalo hukumwambia.

Tulichofanya ni kuiacha tarehe iwe ya hospitali. Sentensi inataja kwanza kile ambacho hakiko mikononi mwa mwombaji wala mwombwaji, kisha inaeleza kwamba jibu likitangulia litasaidia. Na badala ya «natanguliza shukrani», maneno ambayo wengine huyasoma kana kwamba umeshajikubalia mwenyewe, tuliweka «nitashukuru iwapo». Neno hilo dogo la sharti linaacha mlango wazi pande zote mbili.

## Pale aliponishinda

Kuhusu zile siku 3 za akiba tulitofautiana, na mpaka leo sijui nani alikuwa sahihi.

Mimi nilizipendekeza. Nilisema kwamba ombi lenye jibu moja tu linamweka mkubwa kati ya ndiyo na hapana, na kwa dokezo alilolitia saini mwenyewe, hapana ni rahisi zaidi. Ukimpa njia ya katikati, umemheshimu kwa kumsaidia kutoka bila kujipinga. Yeye alisema, «Nikishaandika tatu, atanipa tatu. Nani atoe saba wakati muuzaji mwenyewe ametaja bei ya chini?»

Kisha akasema jambo zito zaidi, ambalo sikulitarajia. «Kaka, wewe una umri, na wewe ni mwanaume. Ukiandika moja kwa moja watasema ni mtu makini. Mimi nikiandika hivyo hivyo watasema binti anajiona.»

Sikuwa na jibu la kumtuliza, kwa sababu ni kweli. Nimewahi kusikia maneno hayo hayo yakisemwa ofisini juu ya barua ambayo haikuwa na kosa lolote isipokuwa jina la aliyeisaini. Ninachoweza kusema ni kwamba kujishusha zaidi hakumlindi. Anayetaka kumwona mwanamke kijana kuwa ni mwenye kiburi ataona hivyo hata kwenye magoti, na barua iliyojaa radhi inampa sababu ya pili ya kutomchukulia kwa uzito. Kilichomlinda, nadhani, ni ile aya ya majedwali. Ni vigumu kumwita mtu kwamba anajiona wakati ametangulia kuwaza juu ya hesabu zako kabla hujamuuliza.

Siku 3 zilibaki. Alikubali kwa shingo upande.

## Kanuni kama rungu

Nitaje kwa ufupi upande mwingine, maana kuna wanaokimbia kujidhalilisha wakaangukia huko. Mwaka uliopita ilipita barua ya mtumishi mmoja aliyekuwa anadai malipo ya safari yaliyochelewa. Alianza na kifungu, akaendelea na kifungu, na akamaliza kwa kusema kwamba asipolipwa «hatua zaidi zitafuata». Fedha zilikuwa zake kwa haki, na kutaja kanuni katika dai la haki si kosa. Tatizo lilikuwa kwamba hakuna aliyekuwa amemkatalia. Barua ilipigana na adui ambaye hakuwepo, na Mtendaji aliiandika pembeni «Sheria» na kuipeleka kwa wanasheria, ambako jambo la wiki moja linaweza kukaa mwezi.

Barua hiyo na ya binti wetu zinafanana kuliko zinavyoonekana. Zote mbili zilimwandikia mtu wa kubuni: mmoja alimwandikia mfalme mwenye hasira, mwingine alimwandikia dhalimu. Mtu halisi aliyekuwa nyuma ya meza, mwenye shughuli nyingi na asiye na ubaya wowote nao, hakupata barua yake.

## Simu

Kwa kuwa watu huniuliza juu ya Watsapu, nami nieleze mtazamo wangu. Jambo kama hili haliombwi huko, ila simu inaweza kutumika kumjulisha katibu muhtasi kwamba barua iko njiani. Ikiwa mkubwa mwenyewe amewahi kukuandikia na una jambo dogo, salamu na jambo viende katika ujumbe mmoja. «Shikamoo bosi», kisha kimya, ni kumwacha mtu mzima akingoja mlangoni huku wewe hujatoka ndani. Atajibu «marahaba», atasubiri, ataingia kikaoni, na ombi lako litamkuta saa tatu usiku. Ujumbe wa sauti wa dakika nne ni mbaya zaidi, kwa sababu hawezi kuupitisha kwa macho wala kuusikiliza mbele za watu.

## Jibu

Barua ya pili ilirudi siku mbili baada ya kuingia. Mkuu wa Kitengo alikuwa ameandika, «Ninapendekeza akubaliwe, majedwali yako hatua nzuri.» Chini yake Mtendaji aliandika: «Nakubali siku 5, tarehe 8–12. Tarehe 16 apewe ruhusa ya kwenda hospitali, arudi mchana.»

Tano, wala si saba wala si tatu. Binti alinitazama kwa jicho la «nilikwambia», nami nikamtazama kwa jicho lile lile.

Akauliza kama aandike tena kuomba zile siku mbili zilizobaki. Nilimshauri asifanye hivyo, isipokuwa kama kungekuwa na jambo jipya ambalo Mtendaji hakulijua alipoamua, kama vile daktari kusogeza tarehe. Kurudisha hoja zile zile kwa sauti ya chini zaidi kungekuwa ndiyo kubembeleza kwenyewe, na ile nafasi tuliyomwachia ya kuamua ingegeuka kuwa ya uongo. Siku ya Jumatatu na Jumanne ya wiki ya pili shangazi yake alikubali kuja kutoka Mpwapwa kukaa na mgonjwa.

Kulikuwa na swali moja la mwisho, la shukrani. Alitaka kupeleka kikapu cha zabibu. Nilimkataza kwa wakati ule: zabibu zinazofuata idhini husomwa kama stakabadhi, na zingewaaibisha wote wawili. Aliandika badala yake mistari miwili, nayo ikapita kwa Mkuu wa Kitengo kama ilivyopita barua ya ombi: «Nimepokea idhini yako ya siku 5 na ruhusa ya tarehe 16, nami ninashukuru. Majedwali ya mali za kudumu nimeyakabidhi leo tarehe 2 Septemba.»

Mtendaji Mkuu aliisoma, akaweka herufi za jina lake pembeni, na jalada likarudi masijala.